Sura ya Sita: Stakabadhi ya Maneno ya Simu

Makatibu wa vyama vya ushirika, wafanyabiashara na watumishi wa ofisi huuliza swali hili mara kwa mara: ikiwa watu wawili wamekwisha kuelewana kwa simu, na kila mmoja anamwamini mwenziwe, kuna haja gani ya kuyaandika tena yale yale kwa barua pepe, na je, kufanya hivyo hakumfanyi mwenziwe ahisi kwamba ameshukiwa? Swali hilo lina pande mbili, upande wa haja na upande wa adabu, na sura hii inazijibu zote mbili kwa kufuata simu moja ya kibiashara tangu inapokatwa hadi makubaliano yake yanapokuwa kumbukumbu ambayo pande zote zimeikubali.

## Mkulima wa korosho na karatasi yake

Mkulima wa Lupaso, katika Wilaya ya Masasi, anaijua tayari hoja kuu ya sura hii, kwa sababu huiishi kila msimu wa korosho. Anapofikisha magunia yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, ambacho watu wengi hukiita kwa kifupi AMCOS, haondoki kwa neno tu la aliyempokea. Korosho hupimwa kwenye mizani mbele yake, daraja lake huandikwa, na yeye hupewa karatasi inayoonyesha kilo alizoleta na tarehe aliyozileta. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani, yaani utaratibu ambao mazao hukusanywa ghalani na kuwakilishwa na hati mpaka yatakapouzwa mnadani, umejengwa juu ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005, iliyotungwa katika mwaka wa mwisho wa urais wa Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, na ulianza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008.

Hakuna mtunza ghala anayekasirika akiombwa stakabadhi, wala mkulima anayeipokea hafikirii kwamba amemtukana mtu. Kila mmoja anajua kwamba gunia likishaingia kwenye rundo la magunia mengine halitambulikani tena, na kwamba karatasi ndiyo itakayosema lilikuwa la nani na lilikuwa na uzito gani. Maneno ya simu nayo yakishatamkwa huingia kwenye rundo la mazungumzo mengine ya siku hiyo, na baada ya wiki mbili kila mmoja hukumbuka zaidi yale aliyoyatarajia kuliko yale yaliyosemwa. Barua pepe ya uthibitisho, yaani ujumbe ambao mmoja wa waliozungumza humwandikia mwenziwe akieleza waliyokubaliana na kumwomba asahihishe palipokosewa, ndiyo stakabadhi ya maneno hayo.

Hata hivyo, stakabadhi hizi mbili zinatofautiana katika jambo moja. Ghalani kuna mizani ambayo pande zote mbili huitazama kwa wakati mmoja, ilhali kwenye simu hakuna mizani, kwa kuwa aliyeandika ametumia sikio lake mwenyewe na kumbukumbu yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo barua ya uthibitisho isiyoalika masahihisho hubaki kuwa madai ya upande mmoja, na mwaliko huo ndio unaomwezesha mwenzake kuuangalia mshale wa mizani kabla mzigo haujaandikwa.

## Simu ya dakika nane

Mfano wa kubuni utasaidia kuonyesha namna kazi hii inavyofanyika. Katibu wa chama cha msingi kilichoko Lupaso anampigia simu msafirishaji mwenye lori aliyeko Masasi mjini, ili akubaliane naye kuhusu kuhamisha korosho ghafi kutoka ghala la chama kwenda ghala kuu. Wanazungumza kwa dakika nane. Katika dakika hizo wanasalimiana, wanaulizana hali ya barabara, wanataja idadi ya magunia, wanavutana kidogo kuhusu nauli, wanakubaliana siku, kisha msafirishaji anagusia suala la vibarua wa kushusha mzigo, lakini kabla halijamalizika mtandao unakatika na wanaporudiana wanaingia kwenye jambo jingine.

Katibu huyu ana kalamu mkononi tangu simu ilipoanza. Haandiki sentensi, bali anaandika namba, siku, majina ya mahali na alama ya kuuliza mbele ya jambo lolote ambalo halikukamilika. Kabla ya kuagana anayarudia kwa sauti: magunia mangapi, kwa bei gani, siku gani. Kurudia huko kuna manufaa yake, kwa kuwa kosa la kusikia hurekebishwa papo hapo kwa neno moja, lakini hakuondoi haja ya barua, kwa sababu marudio nayo ni maneno na hupotea kama yale ya kwanza.

Barua huandikwa siku hiyo hiyo, na ikiwezekana ndani ya saa moja. Kadiri muda unavyopita ndivyo mwandishi anavyoanza kujaza mapengo ya kumbukumbu yake kwa mambo ambayo yangekuwa na mantiki, na kosa la namna hiyo ni gumu kuligundua, kwa kuwa yeye mwenyewe huliamini.

## Barua yenyewe

Barua ya katibu huyo inaweza kuwa hivi:

YAH: UTHIBITISHO WA MAZUNGUMZO YA SIMU YA 16/10/2025 – USAFIRISHAJI WA MAGUNIA 250, LUPASO HADI MASASI

Ndugu,

Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya simu ya leo, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, saa 4:30 asubuhi. Ninaandika ili kuweka kumbukumbu ya tuliyozungumza kama nilivyoyaelewa.

Tuliyokubaliana:

1. Utasafirisha magunia 250 ya korosho ghafi, kila gunia kilo 80, jumla kilo 20,000, kutoka ghala la chama Lupaso hadi ghala kuu Masasi.
2. Kazi itafanyika kwa safari 2 za magunia 125 kila moja: Jumatatu tarehe 20 Oktoba na Jumanne tarehe 21 Oktoba 2025. Gari litafika ghala la chama saa 2:00 asubuhi (08:00) kila siku.
3. Nauli ni shilingi 3,000 (elfu tatu) kwa gunia, jumla shilingi 750,000 (laki saba na elfu hamsini).
4. Malipo yote yatafanyika baada ya magunia yote 250 kupokelewa ghala kuu na hati ya mapokezi kusainiwa.

Ambayo hatukuyamaliza:

5. Nani atawalipa vibarua wa kushusha mzigo ghala kuu.

Ambayo yanasubiriwa:

6. Utanitumia namba ya gari na jina la dereva kabla ya Jumamosi tarehe 18 Oktoba, saa 6:00 mchana (12:00).

Tafadhali soma kila kipengele. Kama kuna mahali nilipokosea, nilipoacha jambo, au nilipoelewa tofauti na ulivyokusudia, naomba unijulishe kwa kujibu barua hii kabla ya kesho, Ijumaa tarehe 17 Oktoba, saa 10:00 jioni (16:00). Kama yote yako sawa, jibu kwa neno moja: Nathibitisha.

Wako,
Katibu wa Chama

## Kwa nini imepangwa hivyo

Kichwa cha barua, ambacho katika barua za kiofisi nchini Tanzania hutanguliwa na YAH, yaani yahusu, kimebeba tarehe ya simu, kazi na kiasi. Mwandishi anayeandika kichwa cha neno moja, kama vile Mzigo, hujinyima njia ya kuipata barua hiyo miezi sita baadaye, na humnyima mpokeaji sababu ya kuifungua mapema.

Mambo yote yamewekwa ndani ya barua yenyewe wala hayakuwekwa kwenye kiambatisho, yaani faili linalobebwa pamoja na barua, kwa sababu msafirishaji huenda akaisoma kwenye simu akiwa njiani, mahali ambapo faili linaweza kugoma kufunguka. Vipengele vina namba ili anayesahihisha aweze kusema "kipengele cha 4" bila kueleza upya jambo zima.

Muhimu zaidi ni mgawanyo wa mafungu matatu: yaliyokubaliwa, yasiyomalizika na yanayosubiriwa. Ugomvi mwingi huzaliwa pale ambapo jambo lililotajwa tu huandikwa kana kwamba lilikubaliwa. Katibu aliyekutana na alama yake ya kuuliza kwenye suala la vibarua angeweza kushawishika kuandika kwamba msafirishaji ndiye atakayewalipa, kwa kuwa ndivyo chama kingependa, lakini barua ya uthibitisho haiongezi hata chembe ya jambo ambalo halikusemwa. Anayetaka kupendekeza jambo jipya aandike wazi kwamba ni pendekezo, au alipeleke kwenye barua nyingine, kwa sababu mpokeaji akigundua kipengele kimoja kilichopenyezwa ataacha kuviamini na vingine vyote.

## Namba, saa na siku

Mambo matatu huharibika kwenye simu kuliko mengine, na kila moja lina dawa yake katika maandishi.

La kwanza ni namba. Sitini na sabini husikika karibu sawa pale mtandao unapokatakata. Aidha, "elfu mia mbili" inaweza kumaanisha 200,000 kwa mmoja na 1,200 kwa mwingine, kutegemea mahali msemaji alipovuta pumzi. Dawa yake ni kuandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha kuweka jumla, kwa sababu jumla humwonyesha msomaji kosa ambalo bei ya gunia moja isingemwonyesha. Msafirishaji aliyekusudia 3,500 huenda akaipita 3,000 bila kushtuka, lakini akiona 750,000 mahali alipotarajia 875,000 atasimama.

La pili ni saa. Kwa Kiswahili hesabu ya saa huanza alfajiri, hivyo saa 2:00 asubuhi ni 08:00 kwenye uso wa simu. Wazungumzaji wawili wa Masasi hawatakosana kwa hilo, lakini barua ikipelekwa kwa mnunuzi wa ng'ambo, au saa ikiingizwa kwenye kalenda ya kompyuta, pengo la saa sita linaweza kutokea bila mtu kulitambua. Kuandika saa kwa njia zote mbili huziba pengo hilo.

La tatu ni siku. Maneno kama "kesho kutwa", "mwisho wa wiki" au "Jumatatu ijayo" yana maana kwa siku yaliyotamkwa tu, na hata siku hiyo mmoja anaweza kudhani Jumatatu ijayo ni ya siku nne mbele huku mwenzake akidhani ni ya wiki inayofuata. Jina la siku na tarehe vikiandikwa pamoja hulindana, kwa kuwa visipolingana msomaji hujua mara moja kwamba kimoja kimekosewa.

Kwa kifupi: kiasi kiandikwe kwa tarakimu na maneno pamoja na jumla yake, saa iandikwe pamoja na kipindi cha siku na kama inavyoonekana kwenye uso wa simu, siku iandikwe na tarehe yake.

## Mwaliko wa masahihisho

Kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa chama cha ushirika anaujua muhtasari, yaani kumbukumbu iliyoandikwa ya mkutano. Muhtasari hauwi kumbukumbu rasmi siku unapoandikwa, bali husomwa katika mkutano unaofuata, wajumbe wakasema palipokosewa, ukathibitishwa, ndipo wanapoingia kwenye yatokanayo. Simu haina mkutano unaofuata. Mwaliko wa masahihisho katika barua pepe hushika nafasi ya mkutano huo, na ndiyo maana unapaswa kuandikwa kwa namna inayomrahisishia mpokeaji kusema hapana.

Mwaliko mzuri una mambo manne: unataja aina za makosa yanayoweza kuwapo, unaeleza njia ya kujibu, unaweka mwisho wa muda, na unatoa njia fupi ya kukubali. Katika barua ya katibu, maneno "nilipokosea, nilipoacha jambo, au nilipoelewa tofauti na ulivyokusudia" yanambebesha mwandishi uzito wa kosa, hivyo anayesahihisha hahitaji kumshutumu mtu. Mwisho wa muda umewekwa kabla ya siku ya kazi, ili sahihisho likija liwe bado na faida. Neno moja "Nathibitisha" limeombwa kwa sababu watu wengi hunyamaza wanapokubali, na kimya ni ushahidi dhaifu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huandika kwamba mpokeaji asipojibu katika muda fulani atahesabiwa kuwa amekubali, wakaamini kwamba wamemfunga. Kwa kawaida ya sheria ya mikataba, kimya peke yake hakizai makubaliano, na mtu hawezi kumwekea mwenziwe sharti kwamba kunyamaza kwake ni kukubali. Kimya kina thamani nyingine: kinaonyesha kwamba mpokeaji alipewa nafasi ya kupinga mapema na hakuitumia, na thamani hiyo huongezeka akianza kutenda sawasawa na barua, kwa mfano akileta gari Jumatatu saa 2:00 asubuhi. Kwa hiyo muda ukipita bila jibu, mwandishi asitulie. Ampigie simu au amtumie ujumbe mfupi kumuuliza kama barua imefika, na atazame kama imerudi na taarifa ya kutofika, ambayo mara nyingi hutoka kwa mtumaji anayeonekana kama `Mailer-Daemon`. Mpokeaji naye aombwe kuangalia kwenye folda ya `Spam`.

## Sahihisho linaporudi

Tuseme msafirishaji anajibu jioni hiyo hiyo kwamba yote ni sawa isipokuwa kipengele cha 4, kwa kuwa alisema kwenye simu kwamba anahitaji nusu ya malipo baada ya safari ya kwanza ili anunue mafuta, na kwamba kwa kawaida vibarua wa kushusha hulipwa na mwenye mzigo.

Katibu ana njia mbili mbaya mbele yake. Ya kwanza ni kubishana kuhusu nani alisema nini, jambo ambalo haliwezi kumalizika kwa kuwa hakuna aliyerekodi. Ya pili ni kuibadilisha barua ya zamani na kuituma tena kimya kimya kana kwamba ndiyo ile ile, na matokeo yake ni kwamba zitakuwapo kumbukumbu mbili zinazopingana bila yeyote kujua ipi inatawala. Njia iliyo salama ni kuchukulia tofauti hiyo kama dalili kwamba kipengele cha 4 hakikuwa kimekubaliwa bado, kukizungumza upya, kisha kujibu ndani ya mfululizo ule ule wa barua:

Ndugu, nashukuru kwa masahihisho. Kufuatia mazungumzo yetu ya simu ya leo saa 11:15 jioni, kipengele cha 4 sasa kisomeke: "Shilingi 375,000 zitalipwa baada ya magunia 125 ya kwanza kupokelewa ghala kuu, na shilingi 375,000 baada ya magunia 125 ya mwisho kupokelewa." Kipengele cha 5 sasa kisomeke: "Chama kitawalipa vibarua wa kushusha mzigo." Vipengele vingine vinabaki kama vilivyo katika barua yangu ya kwanza. Tafadhali thibitisha.

Msafirishaji anapojibu "Nathibitisha", simu mbili na barua nne zinakuwa kumbukumbu moja. Kosa limegunduliwa siku nne kabla ya safari ya kwanza, wakati kulirekebisha kulihitaji sentensi mbili. Bila barua hiyo lingegunduliwa Jumatatu jioni, dereva akiwa amesimama bila mafuta na magunia 125 yakiwa bado Lupaso.

## Nguvu ya barua na mipaka yake

Mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali nchini Tanzania, hivyo kwa kawaida barua ya uthibitisho haiumbi makubaliano, bali huyathibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaeleza kwamba ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, na kwamba uzito wake hupimwa kwa kuangalia namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na mtumaji wake alivyotambuliwa. Kutokana na hilo, barua ya asili ihifadhiwe ilipo bila kufutwa, kwa kuwa picha ya kioo cha simu hukatwa na kuhaririwa kwa urahisi. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kufanya kazi kama hiyo pale ambapo upande wa pili hauna barua pepe, ili mradi uandikwe kwa vipengele vile vile, wala usitawanywe katika mistari ishirini na sauti tatu.

Kuna mambo ambayo barua hii haiwezi kuyafanya. Haimpi katibu mamlaka ambayo bodi ya chama haijampa. Akihitaji idhini ya bodi, aandike waziwazi kwamba jambo hilo linasubiri kikao. Haichukui nafasi ya hati ambazo sheria inataka ziandikwe kwa namna maalumu, kama vile za uhamisho wa ardhi. Bei ya korosho yenyewe nayo hupatikana mnadani, hivyo barua ya uthibitisho kati ya katibu na mnunuzi haiwezi kuifunga. Tena, nakala ikipelekwa kwa mwenyekiti au mhasibu, majina yao yaonekane, kwa sababu mpokeaji akigundua nakala ya siri ataisoma barua yote kama mtego.

## Muhtasari wa sura

1. Andika namba, siku na mahali wakati simu inaendelea, na uyarudie kwa sauti kabla ya kuagana.
2. Tuma barua siku hiyo hiyo, yenye kichwa kinachotaja tarehe, kazi na kiasi.
3. Tenganisha yaliyokubaliwa, yasiyomalizika na yanayosubiriwa, na usiongeze jambo lisilosemwa.
4. Alika masahihisho kwa namna inayorahisisha kukataa, weka mwisho wa muda, na omba neno la kuthibitisha.
5. Sahihisho likija, lizungumzwe, kisha kipengele kiandikwe upya ndani ya mfululizo ule ule.

Ama swali la adabu, jibu lake liko ghalani. Anayempa mwenziwe stakabadhi na kumwomba aikague kabla ya kuondoka amemtendea haki, na msomaji anayekata simu yenye makubaliano leo aiandike stakabadhi yake kabla jua halijazama.